Nani ambebe kima? Shajara ya kitabu cha picha

Machi, mwanzoni

Hadithi imechaguliwa. Maktaba yetu ndogo ya mtaani hapa Unguja itatoa kitabu kimoja cha picha mwaka huu, kurasa 24, saizi ya nusu ya A4, kwa watoto wanaoanza kusoma wenyewe. Kwa nini 24? Kwa sababu karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, na stepla ya kawaida ya stationari haipendi kitabu kinene zaidi ya hapo.

Tulichochagua ni kisa cha kima, papa na punda wa dobi. Wakubwa wengi wanakikumbuka, ila kila mtu anakumbuka kipande chake, kwa hiyo nakiandika hapa mara moja ili sote tuzungumzie kitu kimoja.

Kima na papa ni marafiki. Pana mkuyu mkubwa umeota ukingoni, matawi nusu yako juu ya nchi kavu na nusu juu ya bahari. Kima anakula kuyu juu, anamtupia rafiki yake chini, na mambo yanaendelea hivyo miezi na miezi. Siku moja papa anasema anataka kulipa fadhila, amchukue kima kwao akamwone. Kima anasema wao si watu wa majini. Papa anamwambia apande mgongoni, hata tone halitamgusa. Wakiwa katikati ya safari papa anafungua siri: huko kwao sultani ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba alipaswa kumwambia wakiwa bado pwani, maana kima wakitembea huiacha mioyo yao mtini. Wanarudi. Kima anapanda, anakaa kimya. Papa akimhimiza, anaulizwa: unanifanya mimi punda wa dobi? Papa hajui punda wa dobi ni nani, ndipo kima anamsimulia kisa cha pili kilichomo ndani ya cha kwanza: simba, sungura, na punda asiyekuwa na moyo wala masikio.

Kisa hiki kilichapwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari aliyekusanya hadithi kutoka kwa wasimulizi wa hapa Zanzibar. Watu huishia hapo na kusema ni hadithi yetu ya asili. Ni yetu kweli. Lakini ilikuja kwa jahazi, na njiani ilibadilisha wanyama. Kwa hiyo kazi yangu kabla mchoraji hajashika penseli ni kujua kila mnyama aliingiaje, ili tusimpe sura ya tabia asiyokuwa nayo.

Machi, katikati

Nimebandika karatasi kubwa ukutani. Upande wa kushoto nimeandika kazi zilizomo katika kisa, si majina ya wanyama: anayebebwa, anayebeba, mgonjwa, mshawishi, mfalme wa porini, na anayerudi kufa. Kisha nimejaza kila nchi imemweka nani.

India, katika mkusanyo wa Panchatantra, kitabu cha nne, anayebebwa ni nyani anayeishi kwenye mzambarau, na anayebeba ni makara, kiumbe wa majini anayechorwa nusu mamba nusu samaki. Hakuna sultani mgonjwa. Yupo mke wa makara, anayeona wivu kwa kuwa mumewe anashinda kwa rafiki, na anayejiambia kwamba mtu anayekula zambarau tamu kila siku lazima moyo wake ni mtamu zaidi.

Masimulizi ya Kibuddha, yale ya maisha ya awali ya Buddha, yana mamba wa mto Ganga, na urafiki haumo kabisa. Mke wa mamba anashikwa na hamu ya kula moyo wa nyani, mume anakwenda kumdanganya nyani kwamba ng'ambo ya mto kuna maembe. Mamba huyo ni mtu mbaya tangu mwanzo, na msimulizi anamtaja kabisa kuwa ni Devadatta, adui wa Buddha, katika maisha yake ya zamani.

Karne ya 6, enzi za mfalme Anushirwani wa Uajemi, hadithi za Panchatantra zilitafsiriwa Kiajemi. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akazitia katika Kiarabu, ndiyo Kalila na Dimna. Humo anayebeba amekuwa kobe wa majini, mti umekuwa mtini, ule unaozaa tini, na mke bado yupo ila sasa anajifanya mgonjwa kwa ushauri wa jirani yake.

Hapa kwetu: papa, mkuyu, na sultani.

Angalia mti. Mzambarau upo Unguja tele, watoto wanakuwa na midomo ya zambarau msimu ukifika. Kama kisa kingetufikia moja kwa moja kutoka Panchatantra, hakuna sababu ya kuuacha. Lakini wasimulizi wetu wana mkuyu, ambao ni ndugu wa mtini wa Kiarabu. Kwangu hiyo ni alama ya kwato: kisa kilipitia Kalila na Dimna kwanza. Mchoraji kafurahi, maana kuyu huota kwa vichala kwenye shina lenyewe na matawi manene, si ncha za vijiti tu, kwa hiyo kima ana matunda mengi karibu na mkono na picha inajaa bila kubuni.

Machi, mwishoni

Anayebeba ametuchukua muda kuliko wote, na sijutii.

Kwanza niliweka masharti ya kazi yenyewe. Lazima awe wa majini, awe na mgongo wa kukaliwa, aweze kusogea karibu na ukingo, na aweze kuzungumza na aliye juu ya mti. Mamba anatosha. Kobe anatosha zaidi, mgongo wake ni kama kigoda. Papa hatoshi hata kidogo: mgongo una pezi katikati, ngozi inakwaruza kama msasa (zamani mafundi waliitumia kweli kusugulia mbao), na hakai juu ya maji, anakaa chini yake. Msimulizi alijua hilo, ndiyo maana papa analazimika kuahidi kwamba tone halitamgusa abiria. Mamba wa India hana haja ya kuahidi hivyo mara ya kwanza.

Basi kwa nini papa? Mamba hayupo baharini kwetu, huyo ni wa Rufiji na Pangani. Kasa yupo, na angeziba nafasi ya kobe wa Kalila bila shida. Lakini kasa kwa mtu wa pwani ni mnyama anayekamatwa na kuliwa, hakuna anayemwogopa. Ukimweka kasa, mtoto anamcheka tangu ukurasa wa kwanza, na kima hana hatari ya kuikwepa. Papa akisema twende kwetu, mtoto anashtuka kabla kima hajashtuka. Hivyo ndivyo ninavyoielewa mimi.

Ila kuna jambo kubwa zaidi lililobadilika pamoja naye, nalo ni mgonjwa. India mwenye kuutaka moyo ni mke, na kisa kinamwonyesha makara akilia kati ya mke na rafiki hadi anamchagua mke. Tabia yake ni unyonge wa mume nyumbani. Kobe wa Kiarabu ndiye yule yule, anayeteswa na mawazo njiani hadi kima anamuuliza mbona umesimama. Papa wetu hana mke wala wivu. Ametumwa. Sultani wake anaumwa, dawa imetajwa, yeye anakwenda kuileta. Mtu wa Zanzibar ya karne ya 19, mji wenye sultani wa kweli kwenye kasri la kweli, alimjua mtumishi wa namna hiyo vizuri: si mbaya, si mnyonge, ni mtiifu. Na utii wake ndio unaomponza, kwa sababu mtu anayebeba amri haoni haja ya kuificha mpaka mwisho. Anaisema katikati ya bahari, kwa dhati, karibu kama anayeomba radhi.

Nimemwandikia mchoraji: "Mdogo wangu, papa huyu usimchore meno nje. Si jambazi. Ni mtu aliyevaa kanzu ya kazi."

Akajibu: "Sasa mwalimu, papa mdomo wake uko chini, macho yako pembeni. Uso wa kusikitika nautolea wapi?"

Ni swali zuri. Mamba na kobe wana uso unaoonekana kutoka mbele. Papa ukimtazama mbele ni pua tupu. Mchoraji ameamua kutumia mkao badala ya uso: papa akiwa anasema kweli yuko juu ya maji, akiwa anaficha kichwa kimezama na pezi tu linaonekana. Kwa hiyo ukurasa wa mwaliko una pezi na sauti, na ukurasa wa siri una kichwa kizima. Naikubali.

Nilipomweleza mzee mmoja mvuvi tunachofanya alicheka. "Mwanangu, nyinyi mnasema papa katumwa moyo wa kima. Sisi tulikuwa tunamtafuta yeye kwa ajili ya ini lake." Ni kweli, ini la papa ndilo linalotoa sifa, mafuta yaliyokuwa yakipakwa mbao za majahazi zisioze. Hilo nimelitia katika ukurasa wa nyuma wa kitabu, ule wa wazazi.

Aprili, wiki ya kwanza

Kima, kwa kifupi.

Mchoraji alileta kima punju, mwekundu, nywele zimesimama kichwani, mzuri sana. Tatizo ni kwamba kima punju ana tumbo la kuchachusha majani. Anakula majani machanga na matunda mabichi, na matunda yaliyoiva yenye sukari huyaepuka. Hawezi kushinda juu ya mkuyu akila kuyu tamu. Tumembadilisha kuwa kima wa kawaida, mwenye koo jeupe, ambaye matunda ndiyo chakula chake na ambaye wakulima wetu wanamjua kwa hasara anazowatia.

Tabia ya kima ni nini? Vitabu vya shule vinaandika "mjanja". Lakini tazama alivyoingia mtegoni: alikaribishwa akaenda. Ujanja wake umetoka kwenye hatari, si kwenye damu yake. Anachomiliki kwa kuzaliwa ni mti tu, mahali ambapo wa majini hafiki. Nyani wa Kibuddha ana udhuru bora kuliko wote: anasema sisi tunarukaruka matawini, kama mioyo ingekuwa kifuani ingepasuka vipande, ndiyo maana tunaitundika. Udhuru huo umekatwa kutoka kwenye mwili wa nyani wenyewe. Wetu unasema tu kwamba wakitembea huiacha. Nimeazima ule wa kurukaruka na kuutia kwenye matini yetu, kwa kuwa mtoto anaweza kuuona.

Na ushahidi kwamba mwili ndio unaochagua: Korea hawana nyani wa porini. Kisa kilipofika huko, anayebebwa amekuwa sungura. Kimeandikwa katika historia yao ya mwaka 1145, ambamo mjumbe aliyekamatwa anasimuliwa kisa hiki kama dokezo la namna ya kujiokoa. Binti wa mfalme wa bahari anaumwa, dawa ni ini la sungura, na kobe anatumwa. Sungura hana mti, basi udhuru umebadilika: anasema aliosha ini lake akaliacha chini ya jiwe. Japani nyani wapo, na nyani amebaki nyani. Huko baadhi ya wasimulizi wanamtuma konyeza badala ya kobe, naye anapigwa kwa kushindwa kazi hadi mifupa inamtoka. Ndiyo sababu, wanasema, hana mifupa mpaka leo.

Aprili, mwishoni

Sasa kisa cha ndani. Hapa ndipo karatasi ya ukutani imenifundisha jambo ambalo sikulitegemea.

Kisa chenyewe: punda wa dobi amekimbilia msituni, amenenepa. Simba ni mgonjwa, hawezi kuwinda. Mshawishi anamwendea punda, anamleta kwa simba. Simba anaruka, nguvu hazimtoshi, punda anampiga mateke na kutoroka. Mshawishi anamwendea tena, punda anarudi, anauawa. Simba anaagiza nyama iokwe na kuwekewa moyo na masikio tu. Mshawishi anavila yeye. Akiulizwa anajibu: huyu alikuwa punda wa dobi, angekuwa na moyo na masikio angerudi mara ya pili?

Mshawishi wa Panchatantra ni mbweha, na wa Kalila ni mbweha pia. Wa Zanzibar ni sungura.

Maelezo ya haraka ni kwamba tumebadilisha mnyama tusiyemjua kwa tunayemjua. Hayasimami. Unguja hakuna simba, hata mmoja, na simba kabaki. Mbweha naye yupo bara Tanzania na Kenya, wenye mifugo wanamjua. Kama kigezo kingekuwa ni kumwona mnyama kwa macho, simba angeondoka kwanza.

Kilichotokea ni kwamba kwetu kazi ya ujanja ilikuwa na mwenyewe tayari. Hadithi za Pwani na za bara zimempa sungura kazi hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mjanja mgeni hana pa kukaa. Waakani wa Ghana wangempa buibui, Wayoruba wangempa kobe, Wamalay wangempa yule mnyama mdogo wao wa msituni anayefanana na paa wetu. Mfalme, kwa upande mwingine, ni simba huko India, Uarabuni na hapa, basi hakukuwa na ugomvi wa cheo.

Lakini cheo kikibadilisha mwenyewe, kazi haibadiliki yote. Mbweha wa India ni mla mabaki. Katika maisha ya kweli mbweha hufuata nyuma ya wanyama wakubwa na kula wanachoacha, na kutokana na hilo Wahindi wamemfanya mtumishi na waziri wa ikulu ya simba: mtu anayeishi kwa makombo ya mfalme, anayejua kusema na wakubwa. Kula moyo na masikio ya mzoga wa bwana wake ni kitendo cha mbweha kabisa.

Sungura wetu hafanani na hivyo. Katika hadithi nyingine za mkusanyo ule ule wa 1870 sungura anaiba asali ya simba na kumtoroka mikononi. Ni adui wa simba, mdogo dhidi ya mkubwa, na watoto wanampenda kwa hilo. Katika kisa cha punda peke yake anaonekana akimtumikia simba, akimletea nyama. Anafanya kazi ya mbweha akiwa na jina lake mwenyewe. Na anakula nyama!

Nilijua watoto watauliza. Jumamosi nilipojaribu kuwasomea rasimu, msichana mmoja alinikatiza hapo hapo.

"Mwalimu, sungura anakula majani."

"Wa hadithi anakula kila kitu," kaka yake akamjibu.

"Basi siyo sungura."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Nikawauliza kama nimwondoe sungura nimweke mbweha. Kelele zilizopigwa zilitosha kuwa kura. Sungura anabaki. Tulichofanya ni kubadilisha picha: hatumwonyeshi akila. Ukurasa una majani ya mgomba yaliyotandikwa, nyama ya simba imepangwa, na nafasi mbili tupu palipokuwa na moyo na masikio. Sungura anafuta mdomo. Hapo mtoto anajazia mwenyewe, na meno ya sungura hayahitaji kuelezwa.

Kitu kingine nilichokiona siku ile: watoto hawakumhukumu sungura. Walimwona ni mshindi kwa sababu alimlia simba chakula chake. Kwa India mbweha huyo ni msaliti wa punda. Jina la sungura limekuja na sifa zake zote, na sifa hizo zinafunika alichokifanya. Hili lazima tulikabili katika matini, la sivyo punda atakufa na kila mtu atacheka.

Mei

Punda. Yeye na simba ndio pekee ambao hawajabadilika katika safu yoyote ya karatasi yangu. India ni punda, Kiarabu ni punda, kwetu punda. Hata mwenye mali hajabadilika sana: huko ni dobi, katika Kalila ni mfua na msafishaji wa nguo, kwetu ni dobi tena. Sababu iko kwenye kazi yake ya kila siku. Kusini mwa Asia dobi na punda wake walikuwa kitu kimoja, nguo zikipelekwa mtoni na kurudishwa mgongoni mwake. Unguja punda anavuta mkokoteni wa mawe na nazi, lakini cheo ni kile kile: anayebebeshwa na asiyeshukuriwa.

Sasa soma anachokifanya. Anatoroka kwa mwajiri mbaya. Anapata malisho mwenyewe. Anashambuliwa na simba na anamshinda. Ukifuta jina la mnyama ukasoma matendo tu, utasema huyu ni shujaa. Upumbavu wote uko katika hatua moja, kurudi, na kisa kinamwita mpumbavu kwa hiyo moja. Wanaosema punda alichaguliwa kwa kuwa ni mjinga wanaanzia mwisho. Alichaguliwa kwa kuwa ni wa chini, mwenye nyama, anayemilikiwa na mtu, na ambaye kifo chake hakimwumizi msikilizaji sana. Ujinga aliubebeshwa huko ndani. Hata ubishi anaosingiziwa una sababu: punda akiogopa husimama apime hatari, tofauti na farasi anayekimbia, na anayemsukuma huona ukaidi.

Kilichobadilika ni chambo. India punda ni dume, na mbweha anamwahidi punda majike watatu wazuri. Akishambuliwa anaambiwa yule alikuwa jike aliyetaka kumkumbatia kwa mapenzi. Tabia inayonaswa ni tamaa. Zanzibar punda ni jike, na sungura anamjia na posa: ametumwa na simba. Punda anafurahi, anakwenda. Akikimbia baada ya kushambuliwa, sungura anamtuliza kwamba ndivyo simba alivyo. Anarudi.

Tulibishana sana hapa. Mmoja wetu alitaka turudishe punda dume na malisho mazuri, ili kitabu cha watoto kisiingie mambo ya ndoa. Nilielekea kukubali. Lakini mama mmoja anayetusaidia kupanga vitabu, mtu mzima, alisoma rasimu akaiweka mezani.

"Huyu mnamwita mpumbavu?" akauliza. "Kapigwa, kakimbia. Kaja mtu mwenye maneno matamu kamwambia bwana wako ndivyo alivyo, rudi. Kina dada wangapi wameambiwa hivyo na shangazi zao?"

"Kwa hiyo tumtoe, mama?"

"Mkimtoa mtasema nini tena? Mwacheni. Ila msimcheke."

Tumemwacha. Punda ni jike, posa ipo, mateke yapo. Tulichobadilisha ni uzito wa kurasa. Katika mkusanyo wa 1870 safari ya pili ya sungura inapita haraka. Sisi tumeipa kurasa mbili kamili, maneno ya sungura upande wa kushoto, na upande wa kulia punda peke yake akiwa na alama za kucha za simba ubavuni. Mchoraji ameyachora masikio yake makubwa kuliko kawaida, yamesimama. Anasikia kila kitu. Jawabu la sungura kwa simba linabaki mwishoni bila kubadilishwa neno, na mtoto ataamua mwenyewe kama ni kweli.

Hii imerekebisha pia tatizo la sungura. Jumamosi iliyofuata nilisoma toleo jipya. Kwenye kurasa za safari ya pili walinyamaza, na mvulana wa mbele akasema kwa sauti, "Usiende." Kwenye meza ya majani ya mgomba wachache walicheka, wengine hawakucheka. Yule msichana aliyesema sungura anakula majani alitaka kujua kwa nini kima anamsimulia papa kisa hicho wakati papa ndiye aliyetaka kumla. Nilimwambia arudi ukurasa wa saba aangalie nani alikuwa amerudi mara ngapi pale mtini. Akaangalia, akasema kima hakushuka mara ya pili. Ndilo jambo lenyewe: kima anajilinganisha na punda ambaye yeye hakuwa, na papa anajua sasa alikuwa anaombwa awe simba.

Juni

Yaliyobaki kabla ya kupeleka kwa mpiga chapa.

Ukurasa wa nyuma kwa wazazi umeandikwa: ramani ndogo ya bahari ya Hindi yenye mstari kutoka India hadi Uajemi, Basra na Zanzibar, na mstari mwingine wa kwenda mashariki hadi Korea na Japani. Kila kituo kina mnyama anayebeba na anayebebwa, kwa picha ya kidole gumba. Makara amesumbua, mchoraji amempa mkia wa samaki na mdomo wa mamba, na nimemwomba asimpe mkonga wa tembo ingawa sanamu nyingi za hekaluni zinao, kwa sababu hapo utachanganya watoto.

Kuna waliopendekeza tuongeze kisanduku chini ya kila mnyama: kima, mjanja; papa, msaliti; punda, mpumbavu; simba, mkali. Vitabu vya shule vina visanduku hivyo na walimu wanavipenda kwa kutungia maswali. Nimekataa. Papa wetu si msaliti kwa namna ile ya mamba wa Ganga, na kisanduku hakina nafasi ya kusema hivyo. Badala yake kuna maswali matatu: nani alimtuma? angeweza kukataa? ungekuwa wewe ni mamba wa mtoni badala ya papa, ungesema nini njiani?

Rangi: mpiga chapa anasema bluu ya bahari itatoka imefifia kwenye karatasi tuliyoichagua, na pezi la kijivu litapotea ndani yake. Mchoraji ataongeza mstari mweusi kuzunguka pezi katika kurasa nne za safari. Akimaliza, nakala ya majaribio inachapwa, na nitaipeleka kwa yule mzee mvuvi aangalie papa kabla hatujachapa nyingine.